Fomu Imejazwa, Jibu Limefika Wapi?

Vyuo vingi vidogo vya ufundi sasa hupokea maombi ya kujiunga kupitia fomu ya mtandaoni. Mwombaji anafungua kiungo kwenye simu yake, anajaza jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, kozi anayoitaka na maelezo mafupi ya afya, kisha anatuma. Kwake kazi imekwisha. Kwa chuo ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu jibu hilo linatakiwa na watu wawili tofauti. Karani wa udahili analitaka kwenye jedwali ili aanze kuwapigia waombaji simu, na mhasibu analitaka kwenye kanzidata ambako mfumo wa ada husoma majina na kuandaa ankara. Mahali pengi mtu mmoja huketi jioni akinakili kwa mkono kutoka kwenye fomu kwenda jedwalini, na kutoka jedwalini kwenda kwenye mfumo wa ada. Namba moja ya simu ikikosewa, mwombaji mmoja hapigiwi.

Kazi hii ndiyo iliyozaa zana za kuunganisha programu bila kuandika msimbo. Zapier ilianzishwa mwaka 2011 huko Marekani, na Make, ambayo hadi mwaka 2022 iliitwa Integromat, ilianzia Prague. Zote mbili zinakuwezesha kuchora njia kwenye skrini: jibu jipya likitokea pale, liandike hapa na hapa. Hapa nitafuata njia moja tu, kutoka Google Forms kupitia Make hadi Google Sheets na kanzidata ya PostgreSQL, kwa kuwa ndani yake yanaonekana mambo karibu yote ambayo mtumiaji mpya hufichwa na urahisi wa kuchora.

Lakini kwanza, kama mnachohitaji ni jedwali pekee, msinunue wala kujisajili popote. Ndani ya Google Forms, kwenye sehemu ya majibu, kuna kitufe cha `Link to Sheets`. Ukikibonyeza mara moja, kila jibu jipya huingia jedwalini lenyewe, bure, bila mtu wa kati. Zana ya kuunganisha inapata maana pale jibu lilelile linapotakiwa pia kwenye kanzidata, au pale jedwali la karani halipaswi kuwa na kila kitu kilichojazwa. Katika mfano wetu yote mawili yapo. Karani anahitaji jina, simu na kozi. Maelezo ya afya ya mwombaji hayamhusu, na jedwali linalofunguliwa kwenye kompyuta ya mapokezi si mahali pa kuyaweka.

Njia yenyewe ina vituo vitatu. Cha kwanza ni `Watch Responses` cha Google Forms, ambacho huangalia kama kuna majibu mapya. Cha pili kinaandika mstari kwenye kanzidata, na cha tatu kinaandika mstari kwenye jedwali. Watu wengi hutanguliza jedwali kwa sababu ndilo wanalolifahamu. Mimi nasisitiza kanzidata itangulie. Jedwali hupokea chochote unacholipa, hata upuuzi. Kanzidata iliyotengenezwa vizuri hukataa. Anayeweza kukataa akiwa wa kwanza, jibu bovu linasimamia hapo na halifiki popote, kwa hiyo jedwali na kanzidata hubaki vikisema kitu kimoja. Akiwa wa mwisho, jedwali litakuwa limeshaandikwa wakati kanzidata inakataa. Karani atampigia mwombaji simu na kumwambia maombi yake yamepokelewa, huku mhasibu hana habari naye. Make haiwezi kurudi nyuma na kufuta mstari ulioandikwa kwenye Google Sheets kwa sababu kituo cha mbele kimekwama.

Basi kanzidata ijengwe hivi:

```sql
CREATE TABLE waombaji (
  jibu_id   TEXT PRIMARY KEY,
  jina      TEXT NOT NULL CHECK (jina <> ''),
  simu      TEXT NOT NULL CHECK (simu <> ''),
  kozi      TEXT NOT NULL CHECK (kozi <> ''),
  imetumwa  TIMESTAMPTZ NOT NULL
);
```

Nimepunguza safu ili jambo lionekane. Muhimu kuliko zote ni `jibu_id`. Kila jibu linaloingia Google Forms hupewa kitambulisho chake ambacho hakirudiwi, na Make hukuletea kitambulisho hicho pamoja na majibu. Kikiwekwa kuwa ufunguo mkuu, jibu lilelile haliwezi kuingia mara mbili hata mtu akibonyeza kitufe cha kuendesha njia upya kwa majibu yote ya zamani. Bila ufunguo huo, mbonyezo mmoja wa namna hiyo unaweza kuzalisha ankara mbili kwa kila mwanafunzi. Namba ya simu haifai kushika nafasi hiyo, maana ndugu wawili hutumia simu moja ya mzazi. Jina nalo halifai, kwa sababu iliyo wazi.

Kanzidata lazima pia iwe mahali panapofikika kutoka kwenye intaneti. Make hufanya kazi kwenye seva zake yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuiona kanzidata iliyomo ndani ya kompyuta ya ofisini. Ikiwa iko kwenye seva ya kukodi, ukuta wake wa ulinzi uruhusu anwani za Make tu, ambazo kampuni hiyo huziorodhesha hadharani, na Make ipewe mtumiaji wake wa kanzidata mwenye haki ya kusoma na kuongeza kwenye jedwali hilo moja. Asipewe haki ya kufuta. Ni kazi ya dakika chache, nayo huamua ukubwa wa hasara siku nywila ikivuja.

Sasa njia imewashwa. Mwombaji anatuma jibu saa nne asubuhi. Linafika lini?

Jibu la swali hilo liko kwenye namna zana inavyofanya kazi. Fomu haiiambii Make kwamba kuna jipya. Make ndiyo inayokwenda kugonga mlango na kuuliza, kila baada ya muda uliopangwa. Katika mpango wa bure muda mfupi kabisa ni dakika 15, na matumizi ya mwezi yana kikomo cha krediti 1,000. Kila kituo kikifanya kazi mara moja, krediti moja huondoka. Watu wengi husoma idadi hiyo na kudhani wameruhusiwa majibu 500, kwa kuwa kila jibu linaandikwa mahali pawili. Wanachosahau ni kwamba kugonga mlango nako hulipiwa, hata kama ndani hakuna kitu.

Tupige hesabu. Kuuliza kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku. Krediti 1,000 zinaisha ndani ya siku 11, hata asijitokeze mwombaji mmoja. Ukiuliza mara moja kila saa, usiku na mchana, unatumia krediti 720 kwa mwezi wa siku 30, na zinabaki 280 za kuandikia majibu, yaani maombi 140. Ukiweka muda wa kuuliza uwe kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila saa, ni mara 11 kwa siku na 330 kwa mwezi. Hapo zinabaki 670, zinazotosha maombi 335. Kwa chuo ambacho karani wake hapigi simu usiku, hakuna kilichopotea. Kabla hujalipia mpango mkubwa, fanya hesabu hii kwanza.

Zapier hupima kwa namna nyingine: kuuliza hakuhesabiwi, kinachohesabiwa ni kila tendo lililofanyika. Lakini mpango wake wa bure una matendo 100 kwa mwezi na unaruhusu tendo moja tu baada ya kuuliza, kwa hiyo njia yetu yenye maandiko mawili haiingii humo, na kuunganisha kanzidata kama PostgreSQL kunahitaji mpango wa kulipia. Bei na viwango vya zana hizi hubadilika, basi visome upya siku unapojisajili.

Kuna kikomo kingine kidogo ambacho huumiza zaidi. Kwenye kituo cha kuangalia majibu kuna kisanduku kilichoandikwa `Limit`, kinachosema majibu mangapi yachukuliwe kila mara. Mara nyingi huja na namba ndogo sana, kama 2. Kwa siku za kawaida hutagundua. Siku ya mwisho ya maombi ikileta watu 60, njia inayouliza mara 11 kwa siku na kuchukua wawili wawili itahamisha 22 tu. Itachukua siku tatu kumaliza foleni, na muda wote huo kila kitu kitaonyesha rangi ya kijani. Iweke namba hiyo juu ya idadi kubwa kabisa unayotarajia kwa kipindi kimoja, kwa mfano 100.

Jibu likishachukuliwa, linaweza kufika likiwa limebadilika. Jambo hili linastahili uangalifu zaidi kuliko linavyopewa kwa kawaida.

Anza na namba ya simu. Mwombaji ameandika namba inayoanza na 07. Google Sheets ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri, basi sifuri inaondolewa. Akiandika kwa mtindo wa +255, alama ya kujumlisha ndiyo inayotoweka. Kwenye kituo cha kuandika mstari cha Make kuna chaguo la `Value input option`. Likiwa `User entered`, jedwali hutafsiri kila kinachoingia kana kwamba mtu amekichapa kwa kibodi. Likiwa `Raw`, huandika kama kilivyo. Chagua `Raw`. Faida yake ya pili ni ya usalama: mtu akijaza kwenye fomu maandishi yanayoanza na alama ya `=`, jedwali halitayachukua kuwa fomula na kuyatekeleza. Kwenye kanzidata, simu ni `TEXT`, kamwe isiwe namba.

Kisha majina. Lugha zetu zina majina kama Ng'wandu, Nyang'oro na Ng'ang'a. Alama ile ndogo ya king'ong'o, katika lugha ya SQL, ndiyo inayofunga maandishi. Ukitumia kituo cha kuandika swali la SQL kwa mkono na kuchomeka majibu ya fomu katikati yake, Mushi na Juma watapita salama, na siku ya kwanza atakapoomba mtu wa ukoo wa Nyang'oro njia itakwama. Na hapo una bahati, kwa sababu mlango huohuo unamruhusu mtu mwenye nia mbaya kuandika amri yake mwenyewe kwenye kisanduku cha jina. Tumia kituo cha kuongeza mstari, ambacho hupokea kila thamani peke yake na kuihifadhi kama maandishi. Ukijaribu njia yako, usijaribu kwa jina jepesi. Jaribu kwa Ng'ang'a.

Na muda. Google Forms hutoa saa ya kutumwa kwa jibu kwa kipimo cha UTC, na herufi Z mwishoni. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Tuseme maombi yanafungwa usiku wa manane wa tarehe 30 Novemba, na mwombaji anatuma saa nane usiku, tarehe 1 Desemba. Kwenye jedwali atasomeka ametuma tarehe 30 Novemba saa 23:00, akiwa ndani ya muda. Aliyechelewa anapokelewa, na hakuna aliyekosea kunakili. Kanzidata yetu inalimudu hilo kwa sababu safu ya `TIMESTAMPTZ` huisoma ile Z na kuhifadhi wakati halisi. Kwa jedwali, badilisha muda kabla ya kuuandika:

```
{{formatDate(1.createTime; "YYYY-MM-DD HH:mm"; "Africa/Dar_es_Salaam")}}
```

Jina la sehemu ya kwanza litategemea lile unaloliona kwenye kituo chako. Umbo ndilo hilohilo. Nimetanguliza mwaka makusudi. Tarehe kama 03/04/2007 kuna anayeisoma Aprili na kuna anayeisoma Machi, na jedwali lililofunguliwa kwa mipangilio ya Marekani litasoma Machi.

Sasa tuje kwenye kushindwa. Zana hizi hushindwa kwa namna mbili, na moja tu ndiyo hukujulisha.

Ya kwanza ina kelele. Seva ya kanzidata imezimika, nywila imebadilishwa, au ruhusa ya akaunti ya Google imekwisha. Njia inakwama, inatuma barua pepe, na ikikwama mara tatu mfululizo Make kwa kawaida huizima kabisa. Majibu hayajapotea, bado yamo ndani ya fomu, lakini hakuna kinachosogea mpaka mtu aiwashe tena. Hapa tatizo huwa barua pepe hiyo inakwenda kwa nani. Mara nyingi ni kijana aliyetengeneza njia kisha akaondoka chuoni. Fungua akaunti kwa anwani ya ofisi inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwenye mipangilio ya njia washa pia uhifadhi wa kazi zilizokwama, ili jibu lililoshindwa lisubiri kuendelezwa pale lilipoishia.

Ya pili haina kelele kabisa. Mwalimu mkuu anaona swali la kozi limeandikwa vibaya. Badala ya kulirekebisha, analifuta na kutengeneza jipya lenye maneno yaleyale. Kwa macho ya binadamu ni swali lilelile. Kwa mashine, swali la zamani limekufa na jipya halijulikani. Make itaendelea kuulizia la zamani, itapata utupu, na itaandika utupu bila kulalamika. Ni kama tarishi anayebeba bahasha: akikuta imefungwa anaipeleka, kuwa ndani hamna barua si kazi yake. Kwenye jedwali utaona safu ya kozi imeanza kuwa nyeupe kuanzia tarehe fulani, kama utaangalia. Kwenye kanzidata, zile `NOT NULL` na `CHECK` nilizoziweka juu zitakataa mstari huo mara moja, na kushindwa kwa kimya kutageuka kushindwa kwa kelele. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ndiyo maana rangi ya kijani haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni hesabu. Kila jioni wakati wa msimu wa maombi, mtu aangalie namba tatu: idadi ya majibu inayoonyeshwa na fomu yenyewe, idadi ya mistari ya jedwali bila kichwa, na jibu la `SELECT count(*) FROM waombaji;`. Zikilingana, kalale. Jedwali likiwa na upungufu kuliko kanzidata, kituo cha mwisho ndicho kilichoshindwa. Vyote viwili vikiwa nyuma ya fomu, ama foleni haijaisha, ama kuna jibu lililokataliwa, na kumbukumbu za Make zitaonyesha ni lipi. Zoezi hili halina teknolojia ndani yake, nalo hugundua karibu kila kosa nililolitaja.

Kinachobaki ni mipaka ambayo mpangilio mzuri hauwezi kuiondoa. Njia hii hunakili majibu mapya, kwa upande mmoja tu. Karani akirekebisha namba ya simu kwenye jedwali, kanzidata haitajua, na mhasibu ataendelea kutuma ujumbe kwenye namba mbovu. Ukiruhusu waombaji kurudi na kuhariri fomu zao, usitegemee kwamba marekebisho yatafuata majibu huko yalikokwenda. Zima ruhusa hiyo. Amueni mapema kwamba marekebisho yote hufanywa kwenye kanzidata na kwamba jedwali la karani ni la kusoma. Kujaribu kujenga njia ya pili inayorudisha mabadiliko kutoka jedwalini ni kukaribisha mzunguko ambamo kila upande unamwamsha mwenzake bila kikomo, na krediti za mwezi zinaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kufuta ni kugumu zaidi. Mwombaji aliyebadili nia akiomba taarifa zake ziondolewe, ukifuta jibu kwenye fomu utakuwa umefuta nakala moja. Zipo pia kwenye jedwali, kwenye kanzidata, na kwenye kumbukumbu za Make zinazohifadhi kila kilichopita. Kwa hizo za mwisho kuna mpangilio wa `Data is confidential` unaozuia yaliyomo yasihifadhiwe, na kwa fomu yenye maelezo ya afya uwashwe tangu siku ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili humfanya aliyekusanya taarifa awajibike nazo, na zote zina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi, jambo ambalo zana yenye seva ng'ambo hulifanya kila saa. Chuo hakiwezi kusema kwamba mtoaji wa zana ndiye aliyezibeba.

Kwa maombi mia chache kwa msimu, njia hii inatosha na inaokoa jioni nyingi za kunakili. Ukifika maelfu kwa mwezi, au malipo yakianza kupita humo, au watu wawili wakihitaji kurekebisha taarifa ileile kutoka pande mbili, mpe kazi hiyo mtu anayeandika programu, na kumlipa kutakuwa nafuu kuliko kupanda mpango baada ya mpango. Hadi wakati huo, kabla hujatangaza kiungo cha fomu yako kwa umma, jaza maombi matano ya majaribio: moja la jina lenye king'ong'o, moja la simu ya +255, moja la baada ya usiku wa manane, na mawili yanayotumia simu moja. Kisha fungua jedwali, fungua kanzidata, na usome yote matano kwa macho yako.